Ng'ombe Kaliwa Kwangu, Pesa Zimeenda kwa Nani?

Ukizungumza na watu juu ya wanyamapori, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa, na anayeliuliza huwa amekwishakasirika kabla hajalimaliza. Kama ni kweli simba anaingiza mamilioni ya pesa za watalii, mbona wafugaji wanaoishi naye bado wanamtegea sumu?

Wapo wanaojibu kwamba wafugaji hawana elimu. Wapo wanaosema ni mila, kwamba morani hajawa morani mpaka achome simba mkuki. Majibu yote mawili yanamdharau mfugaji, na yote mawili hayaelezi kwa nini vijiji viwili vya watu walewale, wenye mila zilezile, kimoja kinaua simba na kingine kinamwacha apite. Mfugaji anajua hesabu. Shida ni kwamba katika hesabu hiyo anayepoteza ng'ombe na anayepokea pesa za mtalii mara nyingi ni watu wawili tofauti, na wala hawajuani.

Sura hii inaeleza jinsi hifadhi za jamii zinavyojaribu kuwakutanisha watu hao wawili. Hifadhi ya jamii ni ardhi ya wananchi wenyewe, si ya serikali, ambayo wenyeji wamekubaliana kuiacha wazi kwa wanyamapori na watalii kwa masharti na malipo. Nitakaa zaidi Mara, katika kaunti ya Narok nchini Kenya, kwa kuwa huko mpango huu umedumu vya kutosha kuonyesha nguvu zake na nyufa zake.

Pesa zilizopita juu ya vichwa

Wengi wakisikia Maasai Mara hufikiria pori moja kubwa. Kisheria ni vitu viwili. Kuna Hifadhi ya Taifa ya Maasai Mara, inayosimamiwa na kaunti, ambako hakuna anayeruhusiwa kuishi. Halafu kaskazini na mashariki yake kuna ardhi ya Wamaasai, ambako watu wanaishi na mifugo yao na ambako simba, tembo na nyumbu hupita kila siku, kwa maana mnyama hasomi ramani. Zaidi ya nusu ya wanyamapori wa Kenya wako nje ya mbuga za serikali, katika ardhi za namna hii.

Kwa miaka mingi mtalii alilipa kiingilio langoni, na pesa zikaingia kwa halmashauri ya Narok. Kulikuwa na utaratibu kwamba asilimia 19 ya kiingilio irudi kwa jamii zinazopakana na hifadhi. Kwenye karatasi si haba. Lakini ilipita katika mikono ya halmashauri, kisha ya viongozi wa ranchi za kikundi, yaani ardhi iliyosajiliwa kwa jina la ukoo au jamii nzima na kuendeshwa na kamati. Mwisho wa safari ilionekana kama darasa moja, au kama gari jipya la mtu fulani. Mama aliyeamka asubuhi akakuta mbuzi sita wameuawa na fisi zizini hakuona uhusiano wowote kati ya darasa lile na fisi yule. Na kwa kweli haukuwepo.

Kuanzia miaka ya 1990 ranchi hizo zilianza kugawanywa. Katika ranchi ya Koiyaki, inayopakana na hifadhi, familia nyingi zilipata kipande cha kama ekari 150, karibu hekta 60, chenye hatimiliki ya jina la mtu. Watu wa uhifadhi waliogopa, na walikuwa na sababu: mwenye hati anaweza kujenga uzio, kulima ngano au kuuza. Lakini hati hiyohiyo ilifungua mlango ambao haukuwepo kabla. Sasa palikuwa na mtu mwenye jina na namba ya akaunti ambaye mwenye kambi ya watalii angeweza kumlipa moja kwa moja.

Kodi inayolipwa hata mvua ikinyesha

Mwaka 2006 wenye ardhi wa Olare Orok walikubaliana na wenye kambi kuunganisha vipande vyao kuwa hifadhi moja. Mara North ikafuata mwaka 2009 na Naboisho mwaka 2010. Naboisho peke yake iliunganisha kama ekari 50,000 za wenye ardhi karibu 500. Namna ya kufanya kazi ni rahisi kueleza. Kila mwenye hati anakodisha kipande chake. Anakubali kutojenga uzio, kutolima, kuhamisha boma lake nje ya eneo, na kuchunga kwa zamu katika sehemu zinazotajwa na uongozi. Wenye kambi, kwa upande wao, wanalipa kodi kwa ukubwa wa ardhi, mwezi hadi mwezi, kupitia benki au simu.

Tupige hesabu. Takwimu za kodi hutofautiana kutoka hifadhi moja hadi nyingine na hubadilika, kwa hiyo nachukua mfano wa namba rahisi: shilingi 4,000 za Kenya kwa hekta kwa mwaka. Mwenye hekta 60 atapata shilingi 240,000 kwa mwaka, yaani 20,000 kila mwezi. Kama ng'ombe mzuri sokoni ni shilingi 60,000, basi simba akimla mmoja, amekula kodi ya miezi mitatu. Inauma, lakini nyumba haijaanguka. Mtu wa namna hiyo anaweza kukasirika usiku na kufika asubuhi bila kwenda dukani kutafuta sumu.

Sasa tuitazame kutoka upande wa kambi, kwa sababu hapa ndipo watu hujiuliza kwa nini vitanda vya kule ni ghali. Olare ilijiwekea kanuni kwamba kila ekari 700 zibebe hema moja tu la wageni, na kwamba magari yasizidi matano mbele ya mnyama mmoja. Ekari 700 ni hekta 283 hivi. Kwa kodi ya mfano wetu, hema moja linadaiwa zaidi ya shilingi milioni 1.1 kwa mwaka kabla ya mpishi, dereva na mafuta. Kama hema hilo lina wageni usiku 150 tu kwa mwaka, kila usiku unabeba kama shilingi 7,500 za ardhi peke yake. Kambi ya bei rahisi inayojazana watu haiwezi kufuata kanuni hiyo, na kambi inayoifuata haiwezi kuwa ya bei rahisi.

Jambo lililo muhimu zaidi katika mpango huu, kwa maoni yangu, ni lile linalosahaulika sana: kodi haifuati idadi ya wageni. Mtalii anakuja Mara hasa kuanzia Julai hadi Oktoba, nyumbu wanapovuka kutoka Serengeti. Wakati huo simba wameshiba, nyama iko kila kona. Masika ikiingia, mwezi wa nne na wa tano, barabara zinakuwa matope, wageni wanatoweka, nyumbu wako kusini, na swala na pundamilia waliobaki wanatawanyika kwa kuwa majani na maji yako kila mahali. Simba na fisi wanapata taabu ya kuwinda, nao wanasogea kwenye maboma. Kwa hiyo hasara ya mfugaji huja wakati ambapo utalii hauna kitu. Kama malipo yangekuwa ni fungu la kila mgeni, mfugaji angepokea kidogo kabisa katika miezi ambayo anapoteza zaidi. Kodi ya kudumu inaziba pengo hilo, na hatari ya msimu mbaya inabebwa na mwenye kambi.

*Kwa ufupi:* kodi ya ardhi hufanya kazi kwa sababu inamfikia mtu mwenye jina, inajulikana kabla, na haisubiri watalii. Inanunua nafasi: ardhi isiyo na uzio wala shamba. Uhai wa simba ni hesabu nyingine.

Anayechunga si lazima awe mwenye hati

Sentensi hiyo ya mwisho inahitaji kuelezwa, kwa maana hapa ndipo vipeperushi vya utalii hunyamaza.

Kodi inalipwa kwa mwenye hati. Simba anakula ng'ombe wa mwenye ng'ombe. Katika boma la Kimaasai hawa wanaweza kuwa mtu mmoja, lakini mara nyingi sivyo. Hati nyingi ziliandikwa kwa jina la baba. Mke anayekamua na anayejua kila ndama kwa rangi yake hayumo kwenye hati. Kijana aliyekuwa mtoto wakati wa kugawanya ardhi hayumo. Jirani aliyepewa kipande kilomita 20 kutoka hapo, nje ya mpaka wa hifadhi, hapati kodi, ila simba wa hifadhi humfikia usiku kama kawaida. Na mchungaji wa mshahara, anayekesha zizini na kuulizwa na tajiri wake asubuhi ng'ombe ameenda wapi, hana chochote anachopoteza simba akifa.

Kuna jambo jingine. Ardhi ikiwekwa pembeni, mifugo haipungui, inasogea. Inabanana nje ya mpaka, majani yanaisha, na wakati wa kiangazi watu wanachunga kwa siri usiku ndani ya hifadhi. Kuchunga usiku ndiyo njia ya uhakika ya kumkutanisha simba na ng'ombe. Desemba 2015, pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Maasai Mara, ndivyo ilivyokuwa. Ng'ombe waliingizwa usiku, simba wakaua, na mzoga ukatiwa sumu. Kundi la simba wa Marsh, waliojulikana duniani kwa filamu za televisheni, ndilo lililokula. Miongoni mwa waliokufa alikuwemo Bibi, jike mzee ambaye pengine alikuwa ameingiza pesa nyingi kuliko loji nzima. Pesa hizo hazikuwa zimemgusa aliyenyunyizia sumu.

Sumu yenyewe ni dawa ya wadudu wa shambani. Kwa miaka mingi iliyosifika kwa ubaya nchini Kenya ni kabofurani, iliyouzwa madukani kwa jina la Furadan. Kiasi kidogo kinatosha. Inashambulia mishipa ya fahamu, mnyama anatetemeka na kufa karibu na alipokula, mara nyingi kabla hajafika majini. Maskauti, yaani walinzi wa hifadhi walioajiriwa kutoka vijiji vya hapohapo, hujifunza kuitambua kwa kutazama vitu vidogo: mzoga wenye nzi waliokufa juu yake, tai waliolala chini mbawa zimetanuka, mbweha na fisi waliokufa hatua chache kutoka pale. Mkuki unaua simba mmoja na unamtaka mtu ajitokeze mchana. Sumu inaua kila anayeonja na haina mwenyewe. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya skauti akifika penye mzoga wa ng'ombe si kumtafuta simba. Ni kuhakikisha mzoga haubaki peke yake usiku.

Kusoma mzoga

Ili mwenye ng'ombe apate kitu, hata kama hana hati, hifadhi na mashirika kadhaa huongeza malipo ya pili: fidia. Wengine huiita kifuta machozi. Nchini Tanzania sheria inalipa kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na jina hilo linasema kweli, maana hakifiki bei ya sokoni. Nchini Kenya, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataja fidia pia, hadi shilingi milioni 5 mtu akiuawa, na mifugo imo. Tatizo ni kwamba dai la serikali hupita kwenye kamati, kisha Nairobi, na linaweza kukaa miaka. Fidia ya simba wa leo ikilipwa baada ya miaka mitatu haimzuii mtu kutega sumu kesho usiku.

Mpango uliochunguzwa zaidi uko Mbirikani, katika nchi ya Wamaasai karibu na Amboseli, chini ya Kilimanjaro. Ulianza mwaka 2003, baada ya kipindi ambacho simba waliuawa kwa wingi mno. Haukuishia kutoa pesa. Ulikuja na masharti, na masharti ndiyo moyo wake.

Mnyama akiuawa, mwenyewe anatoa taarifa mara moja na haruhusiwi kugusa mzoga. Mkaguzi anafika na kuusoma. Kazi hii inahitaji jicho. Simba humkaba ng'ombe koo au pua mpaka akose pumzi, na matundu ya meno yake yako mbalimbali. Fisi huanza nyuma na tumboni, hurarua mnyama akiwa hai, huvunja mifupa na kuacha kidogo sana. Chui hupenda mbuzi na kondoo, na mara nyingi humburuta mbali. Duma huchukua kondoo mchana malishoni, si usiku zizini. Halafu mkaguzi anachuna ngozi shingoni. Penye damu iliyovia chini ya ngozi, meno yaliingia mnyama akiwa bado hai. Pasipo na damu, ng'ombe alikufa kwa ugonjwa au njaa, na fisi alikuja baadaye kama mgeni wa msiba. Bila hatua hiyo, kila ng'ombe aliyekufa kwa ukame angelipiwa na mfuko ungefilisika katika msimu mmoja.

Kisha mkaguzi anatazama uchungaji. Je, mnyama alikuwa ndani ya zizi imara, au alipotea porini akalala huko? Malipo hayafiki bei yote ya soko hata mambo yakiwa mazuri, na hushuka zaidi kama zizi lilikuwa bovu au mchungaji alikuwa mtoto aliyelala. Kwa namna hiyo fidia haigeuki kuwa soko la kuuzia ng'ombe wabovu kwa simba.

Sharti kali zaidi ni la pamoja. Mtu akiua simba, yeye na watu wa eneo lake wote hukosa malipo ya kipindi hicho. Hapo jirani ambaye anadai mbuzi wawili anakuwa na sababu yake mwenyewe ya kumzuia kijana anayenoa mkuki. Polisi hawezi kuwa katika kila boma, jirani yumo.

Eneo hilohilo lina mpango mwingine wa Walinzi wa Simba, ulioanza mwaka 2006 hivi, ambao haulipi ng'ombe hata mmoja. Unaajiri morani, wengine wao waliowahi kuua simba, wawafuate simba kwa nyayo na kwa mikanda ya redio, wawape majina, wawaonye wachungaji mahali pa kuepuka siku ile, watafute mifugo iliyopotea kabla giza halijaingia na wasaidie kurekebisha maboma. Watafiti walipolinganisha mipango hii miwili, yote ilipunguza mauaji ya simba kwa kiasi kikubwa, lakini wa morani ulipunguza zaidi. Sioni ajabu. Sifa aliyokuwa akiitafuta kijana kwa mkuki ameipata kwa njia nyingine, pamoja na mshahara wa mwezi.

Zizi kwanza

Hesabu ya fidia ina kasoro moja: inalipa baada ya damu kumwagika. Kwa pesa zilezile za utalii, uzio wa boma huzuia hasara nyingi kabla hazijatokea.

Boma la miiba limejengwa kuzuia ng'ombe wasitoke zaidi ya simba asiingie. Na simba mara nyingi haingii. Anazunguka upande wa upepo, ng'ombe wanamnusa, wanataharuki, wanavunja miiba wenyewe na kutawanyika gizani, naye anachagua. Boma la waya wa wavu na nguzo, lenye lango imara na wavu uliozikwa kidogo chini fisi asichimbe, huondoa mchezo huo. Baadhi ya mipango hugawana gharama, hifadhi ikitoa waya na mwenye boma akitoa nguzo na kazi. Hilo si ubahili. Mtu hukarabati alichochangia.

Taa nazo zina nafasi yake. Richard Turere, mtoto wa Kimaasai wa Kitengela, karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, alitengeneza taa zinazowaka kwa zamu kuzunguka boma, simba akadhani kuna mtu anatembea na tochi. Mwaka 2013 aliusimulia uvumbuzi wake mbele ya hadhira ya dunia nzima, bado kijana mdogo. Ubaya wa taa ni kwamba betri inakufa, na simba wengine huzoea.

Tofautisha basi malipo manne ambayo hifadhi moja inaweza kufanya kutoka mfuko uleule wa watalii:

- kodi, kwa mwenye ardhi, ili asilime wala kujenga uzio;
- fidia, kwa mwenye mifugo, ili asilipize;
- waya na taa, kwa mwenye boma, ili hasara isitokee;
- mishahara, kwa maskauti, ili kuwe na mtu wa kufika usiku.

Hifadhi inayotoa la kwanza peke yake itakuwa na ardhi nzuri na simba wanaokufa pembezoni.

Je, ujangili nao?

Kulipiza kisasi na ujangili huwekwa katika kapu moja, na haifai. Mlipiza kisasi ni jirani mwenye hasira. Jangili anakuja kuchukua kitu cha kuuza: pembe, nyama, ngozi. Kodi ya ardhi haimgusi jangili aliyetoka mbali, kwa kuwa hamiliki kitu hapo. Inachofanya ni kuwageuza wenyeji wanaomwona akipita.

Katika Mara ujangili wa kila siku ni wa nyama, na chombo chake ni kitanzi cha waya. Mtu anafunga waya kwenye mti katika njia ya swala, anaondoka, anarudi baada ya siku mbili. Kitanzi hakichagui, humkamata hata simba na fisi mguuni. Skauti hutembea njia hizo kwa mguu akizikusanya. Anajua familia ipi imenunua waya mwingi, na pikipiki gani inapita usiku bila taa. Habari hizo hazipatikani kwa bunduki. Zinapatikana kwa sababu mama wa boma la pembeni anajua kwamba skauti huyo ni mtoto wa dada yake, na kwamba mshahara wake unatoka kwa wageni wanaokuja kutazama wanyama walewale. Hifadhi inayoajiri maskauti kutoka mji wa mbali kwa sababu wana vyeti vizuri zaidi hupoteza faida hiyo siku ya kwanza.

Njia nyingine: pesa za kijiji

Msomaji wa Tanzania atasema kwao ardhi haina hati ya mtu, ni ya kijiji, na ni kweli. Huko Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, kama Burunge kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, huunganisha vijiji kadhaa, na pesa baada ya fungu la serikali hugawanywa kwa vijiji, vinavyojenga zahanati au kulipa ada. Faida yake ni kwamba asiye na ardhi naye anaingia darasani. Hasara yake ni ileile ya asilimia 19 ya Narok: kati ya fisi na zahanati kuna hatua nyingi mno.

Kuna jaribio la kuvutia karibu na Ruaha lililojaribu kufupisha hatua hizo. Vijiji vinawekewa kamera zinazopiga picha zenyewe katika ardhi yao. Kila mnyama wa porini anayepigwa picha ana alama zake, na wale wanaoleta hasara, kama simba na mbwa mwitu, wana alama nyingi kuliko digidigi. Vijiji vinashindana, na mwisho wa kipindi kijiji kinapokea zawadi za shule, zahanati na dawa za mifugo kwa kadiri ya alama. Hapa malipo yanamfuata mnyama mwenyewe, hai, katika ardhi ya kijiji, wala si ardhi tupu. Kijiji kilichoua simba wake kinaona alama zikishuka ubaoni.

Wageni wasipokuja

Machi 2020 ndege zilisimama na kambi za Mara zikafungwa. Kodi isiyofuata wageni ilipimwa hapo kwa mara ya kwanza kwa ukweli. Hifadhi kadhaa zilikaa na wenye ardhi na kukubaliana kupunguza malipo. Nyingine zilipata mikopo na misaada ya kuzivusha. Wengi hawakuvunja mikataba. Lakini kila mwenye hati alijifunza kwamba mteja wake ni mmoja tu, na mteja huyo hupanda ndege. Wengine wamefikiria ngano tangu siku ile, na huwezi kuwalaumu.

Tishio lililo polepole zaidi limo ndani ya familia zenyewe. Ekari 150 zilimtosha baba. Akifa na kuacha wana wanne, kila mmoja ana ekari 37 na nusu, na kodi ya mfano wetu ya shilingi 20,000 inakuwa 5,000 kwa kila nyumba. Ng'ombe mmoja aliyeliwa sasa ni kodi ya mwaka mzima. Mwana wa kwanza anabaki kwenye hifadhi, wa pili anauza kwa mtu wa mjini, wa tatu anajenga uzio wa waya kuotesha majani yake mwenyewe. Wa nne, ambaye kipande chake kimezungukwa na uzio wa wengine, hana ardhi ambayo kambi yoyote ingetaka kuikodisha. Mabinti, katika maboma mengi, hawakuhesabiwa kabisa. Baadhi ya hifadhi sasa zinawashauri warithi waache hati ibaki moja na wagawane kodi badala ya ardhi, na zinaruhusu jina la mjane kuandikwa kwenye akaunti. Mikataba inapofika mwisho na kujadiliwa upya, hayo ndiyo mambo yanayochukua siku nyingi mezani, kabla hata bei ya hekta haijatajwa.